Kiswahili, Kiingereza au Mchanganyiko? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Chaneli za Mapishi YouTube

Majibu haya ni kwa anayepika na kujirekodi mwenyewe, kwa simu au kamera ndogo, kisha anapakia YouTube akiwa Tanga, Mombasa, Unguja au popote penye jiko la pwani. Nimechagua mapishi kwa sababu mbili. Ndiyo kazi ninayoifahamu, na pia ni aina ya video ambayo watu wa nyumbani na watu wa ughaibuni huitafuta kwa hamu ileile lakini kwa maneno tofauti. Anayefanya habari, vichekesho au mafunzo ya kompyuta atapata ya kuokota humu, ila si kila kitu kitamkaa.

Nianze kwa Kiswahili, Kiingereza, au nichanganye?

Ongea lugha moja, andika kwa mbili. Mdomo wako ubaki kwenye lugha ambayo unaweza kutania nayo, kukemea kitunguu kinachoungua na kueleza harufu ya bizari bila kusimama kutafuta neno. Kwa wengi wetu lugha hiyo ni Kiswahili. Lugha ya pili ipitie kwenye maandishi: maandishi ya chini ya video, maelezo, na orodha ya mahitaji inayotokea kwenye kioo.

Sababu ni hii. YouTube haimpi mtu alama kwa kuongea Kiingereza wala haimkati kwa kuongea Kiswahili. Inachofanya ni kumwangalia mtazamaji mmoja mmoja: alioneshwa video yako, je, alibonyeza? Alipobonyeza, alikaa muda gani? Kiingereza cha kusuasua kinaharibu hilo la pili. Mpishi anayetafsiri kichwani huku anakoroga huongea polepole, huacha mapengo, na hurudia "so now" na "okay" kila sentensi. Mtazamaji haondoki kwa sababu ya lafudhi, anaondoka kwa sababu video imepoa.

Lakini wanaoelewa Kiingereza si ndio wengi zaidi duniani?

Ni wengi, na wapishi wanaowagombania ni wengi vilevile. Video ya pilau kwa Kiingereza inaingia kwenye uwanja mmoja na pilau za Wahindi, Wapakistani, Waturuki na wapishi wa Ulaya wenye majiko ya kuazima na taa tatu. Ya Kiswahili inashindana na chaneli chache, na mtazamaji wake anajua pilau lazima liwe na rangi.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme umerekodi pilau lilelile mara mbili, dakika 10 kila moja. Ya Kiswahili imetazamwa mara 3,000, kwa wastani wa dakika 4 na nusu. Hizo ni dakika 13,500, sawa na saa 225. Ya Kiingereza imetazamwa mara 1,200 kwa wastani wa dakika 2, yaani dakika 2,400, sawa na saa 40. Ili kugawana mapato ya matangazo kwa video ndefu unatakiwa uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kwa mwendo wa kwanza unahitaji video kama 18. Kwa mwendo wa pili unahitaji 100, na hakuna mtu mwenye jiko la mkaa na watoto wa kupeleka shule anayeweza kupika, kurekodi na kuhariri video 100 kwa mwaka akabaki na afya yake.

Namba zako zitakuwa tofauti na hizi. Nimeziweka ili uone kwamba kinachopimwa ni mara za kutazamwa zikizidishwa na muda wa kukaa, na lugha inagusa vyote viwili.

Mbona wa Nairobi wanachanganya na wanapendwa?

Kwa sababu hawachanganyi kwa makusudi. Kijana wa Nairobi anayeongea Kiswahili, Kiingereza na Sheng ndani ya sentensi moja anaongea kama anavyoongea na rafiki zake, na mtazamaji wake wa Kenya anazifuata zote tatu bila kazi. Ukiwa wa huko na watazamaji wako ni wa huko, endelea. Huo mchanganyiko ndio lugha yako.

Shida huanza unapovuka mpaka. Mama wa Morogoro au Kigoma anaifuata video vizuri mpaka unaposema, kwa Kiingereza, kwamba moto upunguzwe na sufuria ifunikwe dakika 20. Hapo hapo ndipo kiini cha pishi, na ndipo ulipomwacha. Mkongomani wa Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa ataachwa palepale. Kwa hiyo ukichanganya, angalia kipi unakisema kwa lugha gani. Utani, salamu na mbwembwe vinaweza kwenda upande wowote. Vipimo, moto na muda viseme kwa lugha moja, ileile, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kuna mchanganyiko mwingine ambao ninaupinga moja kwa moja: kusema kila kitu mara mbili. "Sasa tunaweka vitunguu", kisha sentensi ileile kwa Kiingereza. Mpishi anadhani ametumikia watu wawili, kumbe kila mmoja anasikiliza nusu ya video ambayo si yake, na video ya dakika 8 imekuwa ya 14. Ukitaka kuona madhara yake, fungua YouTube Studio kwenye video kama hiyo, angalia mstari wa kubaki kwa watazamaji. Utaona umekatika kama ngazi: kila unapoanza kurudia, watu wanaruka mbele, na baadhi wanaruka moja kwa moja nje.

Watazamaji wa nje ni kina nani hasa? Si ni wazungu?

Wachache ni wazungu. Kwa chaneli ya mapishi ya Kiswahili, wa nje wengi ni watu wetu, na hawafanani. Inafaa uwajue kwa makundi kwa sababu kila kundi lina upungufu wake wa lugha.

Kuna aliyeondoka akiwa mtu mzima, yuko Dallas au Birmingham, Kiswahili chake hakina kasoro. Huyu hataki Kiingereza kabisa. Amefungua video asikie sauti ya nyumbani wakati anapika Jumapili. Ukimbadilishia lugha umemnyang'anya nusu ya kilichomleta. Anachohitaji kwako ni vipimo vya huko aliko. Ukisema "kuna nazi mbili, tui zito weka pembeni, tui jepesi lichemshe wali", yeye hana mbuzi wala nazi, ana kopo la dukani la mililita 400. Mwambie: kopo moja, nusu ya juu iliyoganda ndiyo tui zito, nusu ya chini iongezwe maji. Sentensi hiyo moja kwa Kiswahili inamfaa kuliko dakika kumi za Kiingereza.

Kuna mtoto wake, aliyezaliwa huko. Anaelewa "njoo ule", "koroga", "chumvi imezidi", lakini ukianza kueleza kwa nini wali unashika chini anapotea. Huyu ndiye mteja mkubwa wa maandishi ya chini ya Kiingereza. Anasikia sauti inayofanana na ya bibi yake na anasoma kile ambacho kimempita. Wachumba na wakwe wa kigeni wako kundi hilihili.

Kuna Wakongomani wa Kivu na Katanga, walioko kwao na waliotawanyika Marekani, Kanada, Ubelgiji na kwingineko. Kiswahili cha Tanga wanakielewa wakisikia, ila majina ya vyakula yanawapiga chenga. Kisamvu chako kwao ni sombe, mchicha ni lengalenga, na ugali ni bugali au bukari. Hawa hawahitaji Kiingereza, wanahitaji jina lao liandikwe kwenye kioo na kwenye maelezo.

Na kuna Oman. Familia nyingi zenye asili ya Zanzibar huko Maskati bado zinaongea Kiswahili nyumbani, hasa wazee na wale waliohama baada ya 1964. Ila wajukuu wao shuleni wanasoma Kiarabu. Wengine wanaelewa Kiswahili ukiongea lakini hawakisomi kwa urahisi. Ukiwa unapika urojo, halua au wali wa bizari, jina la pishi kwa herufi za Kiarabu kwenye maelezo ni kazi ndogo yenye maana. Mtafute anayejua kuandika, usibahatishe.

Kichwa cha video niandike kwa lugha gani?

Kwa lugha unayoongea ndani ya video. Kichwa ni ahadi. Anayebonyeza kichwa cha Kiingereza akakuta Kiswahili anatoka ndani ya sekunde kumi, na kutoka kwake kunahesabiwa dhidi yako.

Habari njema ni kwamba majina ya vyakula vyetu hayajui mipaka. Mtu wa London anaandika "mandazi recipe", wa Dodoma anaandika "jinsi ya kupika maandazi", wa Mombasa anaandika "mahamri", na wote wanalitafuta pishi la ukoo mmoja. Kichwa kama "Jinsi ya kupika mahamri laini (mandazi ya nazi)" kinashika sehemu kubwa ya hao bila kuandika sentensi ya Kiingereza. Ndani ya maelezo, mstari wa kwanza uwe Kiswahili, kisha weka aya fupi ya Kiingereza yenye jina la pishi, viungo na kuambiwa wazi kwamba sauti ni ya Kiswahili na maandishi ya chini ya Kiingereza yapo. Mgeni akijua hivyo kabla, hakasiriki.

Nimeona YouTube inaruhusu kichwa kitafsiriwe. Niweke?

Hapa ndipo wengi wanajikata kwa kisu chao. Ni kweli: ndani ya Studio, kwenye `Subtitles`, ambayo kwenye baadhi ya akaunti sasa inaandikwa `Languages`, unaweza kuongeza kichwa na maelezo kwa lugha nyingine. Mtazamaji ambaye YouTube yake iko kwa Kiingereza ataoneshwa kichwa cha Kiingereza.

Sasa jiulize: simu ya shangazi yako iko kwa lugha gani? Simu nyingi za Afrika Mashariki zimeachwa kwa Kiingereza kama zilivyotoka dukani, hata mwenyewe akiwa hasomi Kiingereza kwa raha. YouTube haimjui shangazi, inajua mpangilio wa simu yake. Kwa hiyo ukitafsiri kichwa, mtu wa Korogwe aliyekuwa akitafuta "kupika vitumbua" anaweza kuoneshwa kichwa cha Kiingereza, akadhani ni video ya mgeni, akapita. Umepanua mlango wa nyuma na kufunga wa mbele.

Shauri langu: kwa chaneli ambayo watazamaji wake wengi wako Tanzania au Kenya, usitafsiri vichwa. Tafsiri maandishi ya chini tu, kwa sababu hayo mtazamaji anayawasha na kuyazima mwenyewe bila kuguswa na kichwa. Ikiwa zaidi ya nusu ya watazamaji wako wako nje, jaribu kutafsiri vichwa vya video tatu nne za zamani, ukae wiki kadhaa, ulinganishe asilimia ya wanaobonyeza kwa Tanzania na Kenya kabla na baada. Ikishuka, ondoa tafsiri. Hakuna kinachoharibika.

Hilohilo linahusu sauti ya pili. Akaunti zilizofunguliwa huduma hiyo zinaweza kupakia sauti ya lugha nyingine juu ya video ileile, na mtazamaji anabadilisha kwenye alama ya gia. Lakini mwenye simu ya Kiingereza anaweza kuanza kusikia sauti ya Kiingereza bila kuomba, na wengi hawajui hiyo gia iko wapi.

Maandishi ya chini nayaandikaje? Siyo kazi kubwa?

Kwa video ya dakika 8 ni kazi ya jioni moja ukishazoea, na ni jioni yenye faida kuliko kurekodi upya kwa Kiingereza.

Kwanza, kabla ya yote, ingia kwenye `Details` ya video, bonyeza `Show more`, weka `Video language` iwe Kiswahili. Watu wengi wameacha Kiingereza hapo bila kujua, ndiyo maana unakuta YouTube imeandika maneno ya ajabu chini ya mpishi anayesema "tia hiliki". Imelazimishwa kusikia Kiingereza mahali ambapo hakipo. Mgeni akiyasoma anaona video haina maana.

Pili, andika maandishi ya Kiswahili kwenye faili la kawaida la maneno, ulihifadhi kwa mwisho wa `.srt`. Linakaa hivi:

```
1
00:00:04,000 --> 00:00:07,500
Vitunguu tunavikaanga mpaka
viwe rangi ya kahawia.

2
00:00:07,500 --> 00:00:11,000
Visiungue, pilau litakuwa chungu.
```

Namba ya mstari, muda wa kuanza na kuisha, maneno, kisha mstari mtupu. Sekunde na vipande vyake vya elfu vinatenganishwa kwa mkato, na hapo ndipo wengi hukosea wakaweka nukta. Usizidishe mistari miwili kwa mara moja, na kila mstari usipite herufi kama 42, maana kwenye simu yatafunika sufuria. Ukimaliza, nakili faili, badilisha maneno tu yawe ya Kiingereza, muda uache vilevile. Sasa una mafaili mawili ya kupakia.

Usitafsiri kila "haya", "eeh" na "jamani". Andika kile ambacho msomaji akikikosa pishi litaharibika. Majina ya vyakula yaache kama yalivyo na uyaeleze mara ya kwanza tu.

Viungo navitaja kwa jina gani, maana kila mji una lake?

Sema kwa jina lako, andika la mwenzako kwenye kioo. Mzanzibari akisema uzile, wa Bara anaitambua kama bizari nyembamba, na Mkenya wa bara anaijua kama jira. Giligilani ya Bara ni kotmiri kwa wa pwani na dania kwa Mkenya. Viazi mviringo ni waru kwa Wakenya wengi. Sekunde tatu za maandishi, "uzile = bizari nyembamba = jira", zinapunguza maoni ya kuuliza na zinafanya video itafutike kwa majina yote ukiyaweka na kwenye maelezo. Kwa wa nje ongeza picha ya punje zenyewe karibu na kamera. Mtu aliye mbele ya rafu ya duka la Wahindi anazitambua kwa macho kuliko kwa jina lolote.

Watazamaji wa majuu wanalipa zaidi?

Kwa kawaida ndiyo. Matangazo yanauzwa kwa mnada, na wenye biashara wanaotaka kumfikia mtu wa Marekani, Uingereza au Ghuba hutoa dau kubwa kuliko wanaomtafuta mtu wa Tanga. Mahali alipo mtazamaji ndipo panapopima. Mkongomani wa Dallas anayetazama video ya Kiswahili anahesabiwa yuko Marekani. Kwa hiyo si lazima uongee Kiingereza ili upate pesa za majuu. Kwenye mapato ya matangazo ya video ndefu mwenye chaneli anachukua asilimia 55.

Ila kuna makato ambayo wengi huyagundua wameshachelewa. Tangu 2021, Google hukata kodi ya Marekani kwenye sehemu ya mapato inayotokana na watazamaji walioko Marekani. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo kiwango ni asilimia 30 ya sehemu hiyo, mradi umejaza taarifa za kodi ndani ya AdSense (fomu ya mtu binafsi inaitwa W-8BEN). Usipojaza, wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote, ya dunia nzima.

Tuseme mwezi huu umepata dola 200, na kati ya hizo dola 80 zimetoka kwa watazamaji wa Marekani. Ukiwa umejaza fomu, kinachokatwa ni asilimia 30 ya 80, yaani dola 24, unabaki na 176. Ukiwa hujajaza, asilimia 24 ya 200 ni dola 48, unabaki na 152. Dola 24 zimepotea kwa fomu ambayo haikuchukui nusu saa. Na kumbuka malipo hayatoki mpaka yafike dola 100.

Nitajuaje kama uchaguzi wangu wa lugha unafanya kazi?

Usiangalie jumla ya watazamaji. Nenda `Analytics`, fungua video moja, bonyeza `See more`, kisha chagua `Geography`. Hapo unaona kila nchi, mara ilizotazama, na wastani wa muda. Huo wastani ndio shahidi. Marekani ikitazama mara 400 kwa wastani wa dakika 4, hao ni watu wetu na lugha yako inawatosha. Ikitazama mara 400 kwa sekunde 35, umewavuta wageni kwa kichwa au picha ya mbele isiyosema ukweli kuhusu lugha.

Angalia pia sekunde ya 30. Studio inakuonesha asilimia ya waliobaki mpaka hapo. Linganisha video mbili za pishi la uzito mmoja, moja ya Kiswahili kitupu na moja uliyochanganya, halafu uone nani kapoteza wengi mlangoni. Usilinganishe pilau la Idi na chai ya maziwa, maana hapo unapima msimu.

Kwenye `Audience` kuna orodha ya lugha za maandishi ya chini zinazowashwa. Kundi kubwa litakuwa la wasiowasha chochote, hilo lisikutishe. Tazama waliowasha Kiingereza: wakiongezeka mwezi hadi mwezi, kazi yako ya jioni inaliwa.

Na kwenye vyanzo vya watazamaji, fungua `External`. Kama WhatsApp iko juu, video zako zinasafiri kwa magrupu ya familia, na hiyo ndiyo njia kuu ya Kiswahili kufika Ulaya na Ghuba. Chaneli ya namna hiyo ukiibadilisha ghafla kuwa ya Kiingereza, umekata uzi uliokuwa unaivuta.

Nifungue chaneli mbili?

Tu kama una watu wa kuziendesha mbili, na kama mapishi yenyewe yanatofautiana. Chaneli ya Kiingereza ya mtu anayetaka kufundisha wageni kupika vyakula vya Uswahilini kwa vitu vya dukani kwao ni kitu tofauti na chaneli ya mama wa nyumbani anayetafuta futari ya leo. Zikiwa ni video zilezile zilizosemwa upya, moja itakufa, na kwa nilivyoona huwa ni ya Kiingereza.

Kuweka lugha mbili kwenye chaneli moja, wiki hii hivi na wiki ijayo vile, ndiko kubaya zaidi. Wafuasi wako wa Kiswahili wakioneshwa ya Kiingereza hawabonyezi, na wa Kiingereza vilevile.

Na lugha za nyumbani: Kikuyu, Kijaluo, Kisambaa, Kihaya?

Usizidharau. Kenya ina televisheni nzima za lugha za namna hiyo, Inooro TV ya Kikuyu ilianza 2015, na watazamaji wake walioko nje wana uaminifu ambao chaneli za Kiswahili zinautamani. Idadi itakuwa ndogo, muda wa kukaa utakuwa mrefu. Maandishi ya chini hapa si hiari: weka ya Kiswahili au Kiingereza, maana hata watoto wa ukoo wenyewe wengi hawaifuati lugha vizuri. Na kwenye `Video language`, lugha yako isipokuwepo kwenye orodha usiweke Kiswahili kwa kukisia. Iache.

Je, video isiyo na maneno kabisa?

Inavuka mipaka kuliko zote, kwa sharti kwamba picha inajitosheleza. Kili Paul, kijana wa Kitanzania aliyejulikana kwa kuigiza nyimbo za Kihindi kwa midomo akiwa amevaa vazi la Kimasai, alipata umaarufu India hadi ubalozi wa India nchini ukamtunuku Februari 2022. Hakuhitaji kuwahutubia. Jikoni, kuchoma viazi karai au kusukuma chapati kunaweza kwenda hivyo. Biriani haliwezi. Lina hatua nyingi zisizoonekana, na mtu hawezi kuona kwa macho kwamba mtindi ulikaa na nyama usiku kucha.

Nina video 40 za Kiingereza zisizotazamwa. Nizifute?

Hapana. Ziache, zinaweza kuokotwa na mtu wa kutafuta. Ziweke kwenye orodha yake peke yake, usizipandishe ukurasa wa mbele, na anza Kiswahili na pishi linalofuata.

Nipakie saa ngapi ili wa nje nao waone mapema?

Saa 2 usiku ya Afrika Mashariki inafaa. Maskati ni saa 3 usiku, London wakati wa kiangazi ni saa 12 jioni, Dallas ni saa 6 mchana. Majira ya baridi London na Dallas zinarudi nyuma saa moja. Mwezi wa Ramadhani sahau hayo yote: pakia asubuhi, kwa sababu anayetafuta cha kufuturu anaanza kutafuta kabla ya kwenda sokoni.

Maoni niyajibu kwa lugha gani?

Kwa lugha aliyoandikia mwenyewe, hata kama ni mstari mmoja. Akiandika Kiingereza akiuliza mbadala wa kitu, mjibu kwa Kiingereza, kisha bandika maoni yako mwenyewe juu yenye jibu hilohilo kwa Kiswahili. Swali la mbadala wa tui, la hamira ya huko au la unga wa ngano gani ununuliwe Ujerumani litarudi tena, na wa Tanga naye atataka kujua unga upi hauvuti maji mengi.